Mwezi Mmoja, Maji Kujaa Mara Mbili

Siku ya mwezi mpevu na zile mbili tatu zinazofuata, ufuo wa Paje, upande wa mashariki wa Unguja, hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Maji hurudi nyuma hadi karibu na mwamba wa matumbawe, mwendo mrefu kutoka ufukweni, na pale palipokuwa bahari hubaki mchanga, vidimbwi na safu za mambo yaliyofungwa kamba za mwani. Wakulima huingia mashambani mwao, na wavuvi wa pweza hupita kwa miguu wakichungulia mashimo. Baada ya saa kumi jioni mashamba hayohayo yako chini ya maji yanayozidi kimo cha mtu. Karibu na saa nne usiku bahari imekauka tena, na kabla ya jua kuchomoza imejaa tena.

Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha kwanza sababu yake, atakujibu kwamba mwezi huvuta maji. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Mwezi ni mmoja, na kila mahali duniani hupita juu yake mara moja tu kwa siku. Kama kazi yake ingekuwa kuvuta tu, bahari ya Paje ingejaa mara moja, mwezi unapokuwa juu, na kukauka mwezi ukiwa upande wa pili wa dunia. Ile mara ya pili, ambapo maji hujaa wakati mwezi uko chini ya miguu yetu, ndiyo inayohitaji maelezo. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea, na vitabu vingi huwapoteza zaidi.

Siri yote iko katika tofauti ya mvuto. Kani ya uvutano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka kwetu kwa wastani, na umbali huo ni kama mara 60 ya nusu kipenyo cha dunia. Kwa hiyo upande wa dunia unaouelekea mwezi uko karibu nao kidogo kuliko kitovu cha dunia, na upande wa nyuma uko mbali kidogo. Tuseme mwezi unakivuta kitovu cha dunia kwa kani ya vipande 1,000. Maji ya upande wa mbele yatavutwa kwa vipande 1,034 hivi, na maji ya upande wa nyuma kwa vipande 967. Zote tatu ni kani za kuvuta kuelekea mwezini. Hakuna hata moja inayosukuma.

Sasa kumbuka kwamba dunia yenyewe haikushikiliwa na kitu chochote. Mwezi unaivuta, nayo inakubali. Kila mwezi dunia huzunguka mzunguko mdogo ikikizunguka kituo cha uzito ambacho inashirikiana na mwezi. Kituo hicho kiko kilomita 4,700 hivi kutoka kitovu cha dunia, yaani bado ndani ya dunia yenyewe. Kwa maneno mengine, gimba lote la dunia huitikia mvuto wa vipande 1,000, na sisi tuliomo juu yake tunachukuliwa pamoja nalo bila kuhisi lolote. Kinachobaki kuonekana baharini ni ziada na upungufu. Maji ya mbele yamepata vipande 34 zaidi ya dunia yao, hivyo huelekea kuitangulia. Maji ya nyuma yamepungukiwa vipande 33, hivyo dunia huelekea kuyaacha. Kwa mtu aliyesimama juu ya dunia, yote mawili yanaonekana sawa: maji yanajitenga na kitovu, mbele na nyuma. Pande mbili za ubavuni, mwezi huvuta kwa mshazari kidogo kuelekea ndani, na maji ya huko hubanwa kwa vipande 17 hivi.

Hivyo ndivyo bahari inavyopata vimbe mbili, moja chini ya mwezi na nyingine upande wa pili kabisa. Dunia inapojizungusha juu ya mhimili wake, Paje hupita kwenye uvimbe mmoja, kisha kwenye ubavu uliobanwa, kisha uvimbe wa pili, kisha ubavu wa pili. Kujaa mara mbili, kupwa mara mbili. Isaac Newton ndiye aliyeieleza hesabu hii kwa mara ya kwanza, katika kitabu chake cha mwaka 1687. Miaka 55 kabla yake, Galileo Galilei aliukataa mchango wa mwezi na kujaribu kuyaeleza maji kwa mwendo wa dunia peke yake. Hoja yake kuu ilitoa kujaa mara moja tu kwa siku, naye akalazimika kutafuta visingizio vya kuipata ile ya pili. Mtu mwenye akili ya kiwango hicho alishindwa na ule uvimbe wa nyuma, kwa hiyo mwanafunzi anayeona ni mgumu asijilaumu.

Kuna maelezo mawili yasiyo sahihi ambayo ni lazima niyaguse, kwa sababu yanafundishwa hadi leo. La kwanza linasema kwamba uvimbe wa nyuma hutokana na dunia kujizungusha juu ya mhimili wake, ikirusha maji nje. Mzunguko huo kweli huifanya dunia ivimbe, lakini huivimbisha kwenye ikweta pande zote, saa zote, bila kubadilika. Kitu kisichobadilika hakiwezi kuleta badiliko la kila saa sita. Hata dunia ikisimama kujizungusha leo, vimbe mbili za mwezi zingebaki palepale, moja mbele na moja nyuma. Kazi ya mzunguko ni kutupitisha ndani yake tu.

La pili ni wazo kwamba mwezi huyanyanyua maji kwenda juu. Hesabu inalikataa. Ile ziada ya vipande 34, ikilinganishwa na uvutano wa dunia yenyewe, ni sehemu moja katika milioni tisa. Gunia la kilo 90 likipimwa wakati mwezi uko utosini hupungua uzito kwa miligramu 10, kiasi ambacho mzani wa dukani hauwezi kukigundua. Kani dhaifu namna hiyo haiwezi kuinua bahari. Inachoweza ni kuisogeza. Kati ya mahali mwezi ulipo utosini na mahali unapoonekana kwenye upeo wa macho, mvuto wa ziada huwa wa ubavu, sambamba na uso wa maji, na huko hakuna uzito unaoupinga. Maji huteleza polepole kutoka sehemu kubwa mno ya bahari kuelekea chini ya mwezi, na mengine kuelekea upande wa nyuma, hadi yarundikane. Ndiyo maana ndoo haina kujaa na kupwa, wala mvuvi wa Mwanza haoni bamvua ziwani: ziwa, hata likiwa kubwa kama Viktoria, ni dogo mno kwa maji kuteleza umbali wa kutosha. Yanayobadilika huko kutoka asubuhi hadi jioni kwa kiasi cha kuonekana huletwa na upepo.

Tuje kwenye saa, maana ndizo ushahidi ulio karibu zaidi na mwanafunzi. Wakati dunia inamaliza mzunguko wa saa 24, mwezi nao umesogea katika njia yake kwa nyuzi 12 na kidogo kuliko jua. Paje lazima iongeze mwendo wa dakika 50 hivi kabla ya kuuona mwezi tena mahali palepale. Siku ya mwezi basi ni saa 24 na dakika 50, na nusu yake, muda kati ya kujaa na kujaa, ni saa 12 na dakika 25. Maji yakijaa leo saa 10:00 alfajiri, yatakupwa saa 4:12 asubuhi, yatajaa saa 10:25 jioni, yatakupwa saa 4:37 usiku, na kesho alfajiri yatajaa saa 10:50. Huo ni wastani. Siku za bamvua uchelewaji hupungua kidogo, na siku za maji mafu huzidi hata saa moja.

Uchelewaji huu unathibitisha nani ndiye bwana wa bahari. Lau jua lingekuwa ndilo linaloongoza, maji yangejaa saa ileile kila siku ya mwaka, na mkulima wa mwani angekuwa na saa za kazi kama za karani. Watu wa pwani wanajua kwamba haiwi hivyo. Ratiba yao hufuata tarehe za mwezi mwandamo, na mtu aliyekulia ufukweni akiambiwa tu kuwa leo ni mwezi tisa au mwezi kumi na sita anajua bahari itakuwaje asubuhi.

Hata hivyo jua lina sehemu yake, nayo si ndogo. Hapa kuna jambo linaloonyesha vizuri kuliko lolote kwamba tofauti ndiyo inayofanya kazi. Jua huivuta dunia kwa kani inayozidi ile ya mwezi karibu mara 180. Lakini liko mbali karibu mara 390 kuliko mwezi, na kwa umbali huo mbele ya dunia na nyuma yake ni karibu sawa. Mvuto wenyewe hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, ila tofauti kati ya mbele na nyuma hupungua kwa kipeo cha tatu. Matokeo yake ni kwamba uwezo wa jua wa kuleta maji ni kama asilimia 46 tu ya ule wa mwezi.

Katika kituo cha kupimia maji kilichopo bandari ya Zanzibar, mchango wa mwezi peke yake hupandisha na kushusha bahari kwa karibu mita 1.2 juu na chini ya kimo cha wastani, na mchango wa jua ni karibu mita 0.6. Ukiyajua hayo mawili, unaweza kuijenga bahari yote ya Unguja kwa kujumlisha na kutoa. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa umejificha kabla ya kuandama, jua na mwezi na dunia viko karibu katika mstari mmoja. Vimbe za mwezi na vimbe za jua huangukia mahali pamoja. Jumla ni mita 1.8 juu na mita 1.8 chini, yaani tofauti ya mita 3.6 kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kwa pembe mraba, na uvimbe wa mmoja huangukia ubavu wa mwingine. Bakisho ni mita 0.6 juu na 0.6 chini, tofauti ya mita 1.2. Hayo ni maji mafu, na siku hizo mashamba mengi ya mwani hayafikiki kwa miguu.

Bamvua haziji siku ileile ya mwezi mpevu kwa ukamilifu. Kubwa zaidi hufika siku moja au mbili baadaye, kwa kuwa bahari ina uzito na huchukua muda kuitikia. Wala bamvua zote si sawa. Za Machi na Septemba kwa kawaida ni kubwa zaidi, wakati jua liko juu ya ikweta na mvuto wake na wa mwezi unaelemea ukanda wetu moja kwa moja. Mwezi wenyewe husogea karibu hadi kilomita 363,000 hivi na kurudi mbali hadi kilomita 405,000, na kwa sababu ya kile kipeo cha tatu, tofauti hiyo inayoonekana ndogo hubadilisha nguvu yake kwa zaidi ya theluthi moja.

Mpaka hapa picha ya vimbe mbili imetufaa. Imetupa idadi ya kujaa, imetupa dakika 50 za kuchelewa, imetupa bamvua na maji mafu. Lakini msomaji makini wa Paje ana swali la kuuliza, nami naliona ndilo swali bora kuliko yote katika somo hili. Mwezi mpevu huwa utosini karibu saa sita usiku. Kama uvimbe uko chini ya mwezi, maji yangepaswa kujaa saa sita usiku na saa sita mchana. Mbona Unguja, Dar es Salaam na Mombasa hujaa karibu na saa kumi?

Jibu ni kwamba uvimbe unaochorwa vitabuni haupo baharini kama ulivyochorwa. Ili uvimbe ubaki chini ya mwezi kwenye ikweta, ungelazimika kukimbia kuizunguka dunia kwa kilomita 1,600 kwa saa. Wimbi refu namna hiyo huenda kwa mwendo unaoamuliwa na kina cha maji, na katika bahari yenye kina cha kilomita nne ni kilomita 700 tu kwa saa. Bahari ingehitaji kina cha kilomita 20 ili imudu kwenda sambamba na mwezi. Na juu ya hayo Afrika, Asia na Amerika zimelala njiani kama kuta. Mfaransa Pierre-Simon Laplace ndiye aliyeligeuza somo hili katika miaka ya 1770. Alionyesha kwamba mwezi haubebi uvimbe, bali huitikisa bahari kwa mapigo yanayorudi kila saa 12 na dakika 25, nayo bahari huitikia kwa mawimbi marefu yanayozunguka na kugonga mabara, huku mzunguko wa dunia ukiyapinda njia.

Mtu aliyewahi kubeba karai la maji kichwani anaijua tabia hii. Ukitembea kwa hatua zinazolingana na mwendo wa maji yenyewe, yatapanda na kumwagika. Ukibadilisha hatua, yanatulia. Kila bahari ina mwendo wake unaotokana na upana na kina, na pale unapokaribiana na mapigo ya mwezi, maji hukuzwa. Kani ya mwezi peke yake, juu ya dunia iliyofunikwa na maji kote, ingeleta tofauti ya karibu nusu mita tu. Unguja, sehemu ya mwezi peke yake inaleta mita 2.4. Ziada yote hiyo ni kazi ya Bahari ya Hindi na umbo lake. Kule Kanada, katika ghuba ya Fundy ambako umbo linakuza kupita kiasi, tofauti hufikia mita 16.

Upande mwingine kuna mahali ambapo mawimbi hayo marefu huzunguka kitu kama kitovu, na kitovuni penyewe maji hayapandi wala kushuka. Kisiwa cha Tahiti kiko karibu na kitovu kimoja cha mchango wa mwezi. Jua, lenye mapigo tofauti, halina kitovu hapo. Matokeo yake Tahiti hufuata jua: maji yake hujaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku, siku nenda siku rudi, na hupanda kidogo tu. Kuna pia mahali ambapo maji hujaa mara moja tu kwa siku, kama sehemu za pwani ya Ghuba ya Meksiko. Kwa hiyo sentensi ya mtihani isemayo kwamba bahari hujaa mara mbili kwa siku ni kweli kwetu na kwa pwani nyingi duniani, lakini si sheria ya bahari zote. Mwezi hutoa mapigo mawili kila mahali. Bahari ya mahali ndiyo huamua itayapokeaje.

Hilo linaeleza pia namna majedwali ya maji ya bandarini yanavyotengenezwa. Hakuna anayekaa kukokotoa vimbe. Maji hupimwa bandarini kwa muda mrefu, mwaka mzima au zaidi, kisha kipimo hicho huchambuliwa ili kujua bahari ya hapo huitikia kila pigo kwa kimo gani na kwa kuchelewa saa ngapi: pigo la mwezi la saa 12 na dakika 25, la jua la saa 12 kamili, na mengine madogo mengi. Mapigo ya angani yanajulikana kwa miaka mingi ijayo, hivyo kinachobaki ni kujumlisha. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi ya kufanya jumla hiyo katika miaka ya 1870, na leo kompyuta inafanya kazi ileile.

Darasa lolote lililo karibu na pwani linaweza kuyapima haya. Siku ya bamvua, simikeni mti wenye alama za sentimita mahali penye maji hata wakati wa kupwa, penye utulivu na pasipo njia ya vyombo, na msome kimo kila nusu saa kuanzia maji yakiwa makavu hadi yajae. Mtaona kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Wanamaji wana kanuni ya kukadiria: gawa tofauti yote kwa 12, kisha maji hupanda sehemu moja katika saa ya kwanza, mbili katika ya pili, tatu katika ya tatu, tatu tena katika ya nne, mbili katika ya tano na moja katika ya sita. Kwa bamvua ya mita 3.6, saa ya kwanza huleta sentimita 30 tu, lakini ya tatu na ya nne huleta sentimita 90 kila moja. Kwa sababu hiyo mtu aliyeenda mbali mwambani huona maji yakirudi taratibu, akaendelea na shughuli zake, kisha akakuta mkondo kati yake na ufuo umeshakuwa wa kuogelea. Mpimaji awe ameshatoka kwenye mwamba kabla saa ya pili haijaisha.

Vipimo vyenu vikitofautiana na jedwali kwa sentimita kadhaa, msiufute mstari. Angalieni upepo wa siku hiyo na kanieneo ya hewa, kwa sababu kanieneo ikishuka kwa milibari moja bahari hupanda kwa karibu sentimita moja, na upepo unaosukuma kuelekea pwani huongeza yake. Lakini kama tofauti ni ya saa nzima na si ya sentimita, basi kosa liko kwenye saa yenu au kwenye tarehe ya jedwali, kwani upepo huweza kubadilisha kimo cha maji, ila hauwezi kuichelewesha bahari nzima kwa saa.